Alama Nne za Swali la Tano

Matokeo yalibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye kioo cha ofisi ya mitihani. Nilitafuta namba yangu kwa kidole, nikaipata, nikafuata mstari mpaka mwisho. Arobaini na nane. Kufaulu ni hamsini.

Nilirudia kusoma mara tatu, maana kidole changu ni kinene na mistari ile ilikuwa imebanana. Arobaini na nane ilibaki palepale.

Huo ulikuwa mtihani wangu wa tatu wa hisabati. Wa kwanza nilipata thelathini na moja, wa pili arobaini na nne. Chuo chetu cha ufundi kinakupa nafasi tatu tu. Ukianguka ya tatu, unarudisha kitambulisho na kuaga.

Pembeni yangu alikuwa amesimama mwenzangu wa darasani, mwanamke fundi umeme tunayemwita Fyuzi kwa sababu hakawii kulipuka. Yeye alikuwa ameshaona yake.

"Hamsini na moja!" alipiga kelele. "Babu, nimepita! Nimepita kwa kuparaza, lakini nimepita. Wewe je?"

Ananiita Babu ingawa nina miaka arobaini na sita. Aliangalia kidole changu kilipo, akanyamaza. Fyuzi kunyamaza ni jambo zito.

Mimi ni mchomeleaji. Nachomelea matangi ya mvuke na ya hewa iliyoshindiliwa, yale ambayo mshono ukiachia, mtu anakufa. Shule niliiacha kidato cha pili, nikaja kumalizia kwa masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu. Chuoni nilikwenda kwa sababu moja. Msimamizi wa karakana yetu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na bosi alikuwa ameniambia bila kuzunguka: "Kazi unaijua kuliko wote hapa. Niletee Ijumaa fomu inayoonyesha umesajiliwa mwaka wa pili, kiti ni chako. Usipoleta, naajiri mwenye makaratasi kutoka nje." Kwa hiyo nilikuwa na siku nne.

Kwa nini mchomeleaji afundishwe x inakwenda wapi ikikua bila kikomo, sijui hadi leo. Lakini somo hilo lilikuwa kwenye mtaala, na nililisoma.

Aliyenifundisha ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwalimu wa hisabati wa sekondari. Alikuja kila Jumamosi mchana kwa muda wa miezi mitano. Nilikuwa nambebea kiti mpaka barazani, na yeye alikuwa ananitukana.

"Shemeji," aliniambia siku ya kwanza, "unaogopa x kama inadai mahari. Sikiliza. Una sehemu. Juu kuna x na namba zake, chini kuna x na namba zake. Nakuuliza, x ikiwa kubwa, kubwa mno, sehemu nzima inaelekea wapi?"

"Nitajuaje?"

"Tafuta kipeo, ile namba ndogo begani kwa x. Kikubwa kabisa cha juu, na kikubwa kabisa cha chini. Hiyo ndiyo digrii. Wengine wote ni abiria. x ikishakuwa milioni, nani anajali kajumlisho ka tano?"

Aliniwekea mifano kwa kalkuleta, kwa sababu aliona maneno hayaniingii. Juu 5x + 2, chini x² + 1. Weka x elfu moja. Juu unapata elfu tano na mbili, chini milioni moja na moja. Jibu ni kama sehemu tano za elfu moja. Chini ina digrii kubwa, chini inashinda, jibu linaelekea sifuri. Halafu juu 4x² + 1, chini 2x² − x. Digrii sawa. Weka elfu moja, unapata mbili na kitu kidogo sana. Hapo unagawa tu namba zilizo mbele ya vipeo vikubwa, nne kwa mbili, kwisha. Halafu juu x², chini 2x + 1. Weka elfu moja, unapata karibu mia tano. Weka milioni moja, karibu laki tano. Juu ina digrii kubwa, sehemu inapanda bila kusimama. Ndiyo hiyo wanayoiita infiniti, au hasi infiniti ikiwa alama zinaivuta upande wa pili.

"Hiyo ni rahisi," nilimwambia.

"Ndiyo maana watakutega," alisema. "Mtunga mtihani hapendi kitu rahisi. Atakufichia digrii ndani ya mabano. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu digrii, fungua mabano, jumlisha, toa, safisha. Ukihesabu kwa macho tu, umekwisha. Na ukinitia aibu nitamwambia dada akuache."

Mtihani ulipokuja, swali la tano kipengele (b) lilikuwa hivi: juu, (x + 3)² − x². Chini, 2x + 1. Tafuta kikomo, yaani pale sehemu inapoelekea, x inapokwenda infiniti. Alama nne.

Nakiri, mkono ulitaka kuandika infiniti. Juu naona mbili ndogo, tena mara mbili, chini hakuna. Kisha nikamsikia shemeji na matusi yake. Nikafungua mabano: x² + 6x + 9, toa x². Zile x² zikauana. Juu ikabaki 6x + 9. Digrii moja juu, digrii moja chini. Sita gawa kwa mbili. Tatu. Niliandika tatu, nikaizungushia duara, na kwa mara ya kwanza katika mitihani mitatu nikajua kabisa, bila kubahatisha, kwamba nimepata.

Jumanne chuo kinaruhusu kuangalia karatasi yako ya majibu mbele ya msimamizi wa mitihani. Nilifungua ya kwangu. Kwenye swali la tano (b), hesabu yangu yote ilikuwa imepigwa mstari mwekundu, na pembeni kuna sifuri, na chini ya sifuri ile alama ya infiniti, kama nane iliyolala usingizi.

Nilikaa nikiitazama. Mwanzoni nilidhani nimekosea mimi. Hiyo ndiyo tabia ya mtu aliyeacha shule mapema, karatasi ikimwambia amekosea anaiamini. Nikachukua kalamu, nikafanya upya kiganjani. Tatu. Nikatoa simu, nikaweka x elfu moja. Elfu moja na tatu, zidisha yenyewe, toa milioni moja, unapata elfu sita na tisa. Gawa kwa elfu mbili na moja. Tatu nukta sifuri sifuri tatu. Nikaweka milioni moja. Tatu, na visifuri vingi, na kitu kidogo mkiani. Sehemu inayokwenda infiniti haikai kwenye tatu kama kuku anayeatamia.

Niliondoka na damu imenipanda kichwani.

Aliyesahihisha alikuwa mwalimu kijana tuliyempa jina la Chaki, kwa sababu anafuta ubao kwa mkono wa shati. Nilimkuta kwenye chumba cha walimu, anakula karanga.

"Mwalimu, swali la tano (b). Jibu ni ngapi?"

Aliacha kutafuna. "Fundi, matokeo yakishatoka—"

"Sijauliza matokeo. Nimeuliza jibu."

Aliangalia mlango. Akainuka, akanipeleka mpaka mwisho wa korido, karibu na mabomba ya kunawia.

"Tatu," alisema kwa sauti ya chini.

"Sasa mbona umenipiga sifuri?"

"Nimesahihisha kwa mwongozo wa majibu."

"Mwongozo ameandika nani?"

"Mimi." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Swali ni langu. Niliandika tatu. Niliweka mtego makusudi, nione nani anafungua mabano. Mwongozo ulipokwenda kwa Mkuu wa Idara kuhakikiwa, akakata tatu, akaandika infiniti. Aliniambia, 'Kijana, juu digrii mbili, chini digrii moja, unaandikaje tatu? Unataka tuchekwe?'"

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, Fundi."

"Nimekuuliza ulisema nini."

"Nikasema sawa, Mkuu."

Nilitaka kumshika kola. Ana umri wa mwanangu wa kwanza. Nilishika bomba badala yake, likaanza kuvuja, na ikabidi nilikaze kwa mkono huku nikiendelea kuwa na hasira.

"Wangapi wameandika tatu?" nilimuuliza.

"Katika hamsini na wawili? Wawili. Mmoja alikuwa na alama themanini, hatalalamika. Mwingine ni wewe."

Jumatano nilijaza fomu ya rufaa, nikaitwa kwa Mkuu wa Idara saa tano. Ni mtu mwenye mwili, mstaarabu, ameongoza idara ile miaka kumi na minne, na meza yake haina hata karatasi moja iliyopinda. Chaki alikuwepo, amesimama karibu na kabati kama mwavuli uliosahaulika.

"Karibu, Mzee wangu," Mkuu alisema. "Nimeona rufaa yako. Nakuhurumia kwa kweli. Lakini hili hata mwanafunzi wa sekondari analijua. Digrii ya kiasi, hapo juu, ikizidi digrii ya asili, hapo chini, kikomo ni infiniti."

"Hilo nalikubali, Mkuu. Lakini hapa haizidi."

"Hii hapa si mbili?" Aliweka kidole juu ya (x + 3)².

"Na hii hapa pia ni mbili," nikaweka changu juu ya − x². "Zinafutana. Weka elfu moja kwenye kalkuleta."

"Hesabu haithibitishwi kwa kalkuleta, Mzee wangu."

Hapo alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi. Shemeji pia alikuwa ananiambia hivyo, kwamba kalkuleta inakuonyesha njia lakini si ushahidi. Kwa hiyo nikaomba karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa, taratibu, kama ninavyochora alama kwenye bamba kabla ya kukata. x² + 6x + 9 − x². Nikakata x² ya mbele, nikakata ya nyuma. 6x + 9 juu, 2x + 1 chini. Nikagawa kila kitu kwa x: sita, jumlisha tisa kwa x, mbili, jumlisha moja kwa x. x ikikua, tisa kwa x inakwisha, moja kwa x inakwisha. Inabaki sita kwa mbili.

Nikamsogezea.

Mkuu aliangalia. Nilimwona alipofika. Macho yalisimama kwenye zile x² mbili zilizokatwa, yakarudi nyuma, yakaja tena. Akalegeza kola ya shati.

"Chaki—" alisema, akajirekebisha, "mwalimu, tuache kidogo."

Chaki alitoka haraka kuliko ilivyostahili.

"Mzee wangu," Mkuu alisema baada ya mlango kufungwa, "unahitaji alama mbili."

"Nahitaji alama nne. Ni zangu."

"Unahitaji mbili ili ufaulu. Swali la pili, mchoro wako, mimi nikiutazama naona msahihishaji alibana mno. Naweza kukupa mbili leo. Unakuwa na hamsini. Kesho unasajiliwa. Kwisha."

"Na la tano?"

"La tano linabaki lilivyo. Mwongozo uliohakikiwa haubadilishwi na idara, unabadilishwa na bodi ya mitihani, na bodi inakaa baada ya miezi mitatu. Watahiniwa hamsini na wawili, matokeo yametoka. Unaelewa ukubwa wake? Wapo waliofaulu kwa infiniti ile."

Alitoa karatasi kwenye droo. Ilikuwa fomu ya kuondoa rufaa. Sehemu ya maelezo ilikuwa na mistari mitupu.

"Hapa uandike kwa mkono wako, kwamba umeonyeshwa mwongozo, na umeridhika kuwa jibu sahihi la 5 (b) ni infiniti. Halafu saini."

"Niandike kwamba ni infiniti?"

"Ni utaratibu tu."

Nikamwomba mpaka kesho. Akanipa, kwa upole sana.

Jioni ile ile shemeji alikuja nyumbani. Nilimsimulia yote mbele ya mke wangu. Nilitegemea atawaka moto, maana huyu ni mtu ambaye alinizaba rula mkononi kwa kusahau alama ya kutoa. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akafuta machozi.

"Mkuu wa Idara mzima! Kaingia mtegoni kwa miguu miwili!" Halafu akawa makini. "Saini, shemeji."

"Wewe ndiye unasema hivyo?"

"Mimi ndiye. Tatu itabaki tatu hata ukiandika kwamba ni bata. Hesabu haijali saini yako. Bosi wako anajali."

"Mimi ninajali."

"Basi wewe ni mpumbavu mwenye digrii kubwa juu kuliko chini," alisema. Mke wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. "Baba watoto," alisema, "miaka miwili tumekusubiri na madaftari yako. Watoto wamekuzoea mgongo. Kama ni mstari mmoja tu, andika."

Alhamisi asubuhi Fyuzi alinifuata mpaka karakana. Sijui nani alimwambia, nadhani Chaki, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye chujio. Alinisubiri nivue kofia ya kuchomelea.

"Babu, ni kweli unataka kupeleka swali la tano bodi?"

"Wewe uliandika nini?"

"Infiniti. Nilipewa nne." Aliangalia chini. "Ukiondoa nne kwenye hamsini na moja, unajua inabaki ngapi."

"Arobaini na saba."

"Umeona. Hesabu unaijua." Alikuwa anazungusha bisibisi mkononi. "Na mimi huu ulikuwa wa tatu, Babu. Kama wewe."

Nilichukua kipande cha chokaa nikamwandikia swali lile juu ya bamba, nikamwambia afungue mabano. Alifungua. Alipofika x² mbili aliacha kuandika, akatukana, halafu akamalizia mpaka tatu. Hakuwa mjinga Fyuzi. Alikuwa na haraka tu siku ile.

"Haya, ni tatu," alisema. "Nimeelewa. Sasa nimeshaelewa, si ndiyo lengo la shule? Bodi watanifundisha nini zaidi kwa kuninyang'anya? Saini, Babu. Nakuomba."

Nikamwambia nitafikiri. Akaniambia watu wanaosema watafikiri huwa wameshaamua ubaya. Akaondoka bila kuaga.

Nilirudi kwenye tangi nililokuwa nalichomelea. Kazi yetu ina utaratibu mmoja ambao hauna mjadala: ukimaliza mshono, unachukua nyundo na muhuri wa chuma, unagonga namba yako pembeni ya mshono. Yangu ni kumi na saba. Mshono ukiachia miaka kumi baadaye, watu watakuja kusoma namba. Wapo wachomeleaji niliowahi kufanya nao kazi waliogonga namba juu ya mshono wanaoujua kwamba ni mbovu, kwa sababu msimamizi alikuwa na haraka. Siwataji. Sikuwahi kuwapa mkono tena.

Nilimaliza mshono. Nikagonga kumi na saba. Nikaenda chuoni nikiwa na nguo za kazi.

Mkuu alikuwa ameshaandaa fomu. Kalamu ilikuwa juu yake, imenyooshwa sambamba na ukingo.

"Naweza kuandika kwamba naondoa rufaa," nilimwambia. "Hilo nitaandika sasa hivi. Niache tu nisiandike jibu."

Nataka ieleweke kwamba nilifika hapo. Nilikuwa tayari kunyamaza. Kwa ajili ya kiti, na mke wangu, na Fyuzi, nilikuwa tayari.

"Bila hilo, fomu haijakamilika," Mkuu alisema. "Wakaguzi wakiuliza kwa nini rufaa iliondolewa, lazima pawe na sababu. Sababu ni kwamba mtahiniwa ameridhika na jibu."

"Mtahiniwa hajaridhika."

"Mzee wangu, ni neno moja."

"Basi liandike wewe, uweke saini yako."

Alinisogezea kalamu.

Nilishika kalamu. Niliandika "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonyeshwa mwongozo na nimeridhika kuwa", na hapo mkono ukagoma. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Niliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Yule mtu aliyeketi mbele yangu alijua ni tatu. Mimi nilijua ni tatu. Aliyetunga alijua ni tatu. Na kati yetu wote ni mimi niliyeacha shule kidato cha pili ninayetakiwa kuandika kwamba ni infiniti.

Nikaweka kalamu chini. "Peleka bodi."

"Utapoteza mwaka."

"Nimesikia."

"Na bodi inaweza kukukatalia."

"Mkuu, ipeleke."

Ijumaa nilimweleza bosi. Alisikiliza kwa dakika mbili, akasema, "Sijaelewa kitu, ila naona huna fomu." Jumatatu iliyofuata msimamizi mpya aliletwa kutoka nje, ana makaratasi, si mtu mbaya. Mke wangu alinipikia kama kawaida, lakini kwa wiki nzima sahani yangu iliwekwa mezani kwa kishindo. Fyuzi alisajiliwa mwaka wa pili. Tukikutana getini alikuwa anasalimia ukuta.

Miezi mitatu nilisubiri. Kila nikipiga simu ofisi ya mitihani naambiwa faili lipo, lakini mwenye faili hayupo. Siku nyingine mwenye faili yupo, faili limetoka. Niliambiwa niandike barua ya kukumbushia. Niliandika. Nikaambiwa barua ya kukumbushia haina kumbukumbu namba ya barua ya kwanza. Ya kwanza haikuwa na namba kwa sababu ilikuwa fomu. Shemeji alikuwa anaulizia kila Jumamosi, "Infiniti imefika?" na mimi nilikuwa namwambia aende kwao.

Hatimaye niliitwa. Alinipokea Mkuu yuleyule, kwenye meza ileile. Alinipa barua ya bodi. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema kwamba baada ya kupitia swali la tano kipengele (b), bodi imebaini kuwa swali hilo lilikuwa na utata, na kwa hiyo watahiniwa wote hamsini na wawili wapewe alama nne kamili. Kwa uamuzi huo mimi nilikuwa na hamsini na mbili, nimefaulu, na nitaruhusiwa kujiunga na mwaka wa pili muhula wa usajili utakapofunguliwa tena.

Fyuzi alibaki na hamsini na moja yake. Hilo lilinitoa mzigo. Nilisoma tena, nikitafuta. Ukurasa wa mbele, ukurasa wa nyuma. Hakuna mahali palipoandikwa tatu.

"Utata uko wapi?" nilimuuliza.

"Umefaulu, Mzee wangu. Hongera sana."

"Nashukuru. Utata uko wapi? Swali halina utata. Lina jibu moja."

"Ndiyo lugha ya bodi. Inalinda kila mtu."

"Inamlinda nani? Mwakani mwalimu atakayefungua faili hili atakuta nini kwenye mwongozo?"

Mkuu alinyoosha kalamu ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Atakuta swali limeondolewa."

"Na jibu?"

"Swali likiondolewa, halina jibu."

Nilitamani kucheka, na nilitamani kugonga meza, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia, "Niandikie wewe, kwa penseli, kwenye kipande chochote. Ukitaka nitakichana hapahapa. Nataka tu kuona unaiandika."

Nadhani kuna dakika alikaribia kuiandika. Mkono ulisogea. Halafu simu ya mezani ikalia, akaipokea kwa furaha kubwa, akaanza kuzungumza kuhusu viti vya ukumbi. Kwa mkono wa pili alinisukumia daftari la kupokelea barua na kunionyesha mahali pa saini. Palikuwa na safu mbili: "Nimepokea" na "Nimeridhika".

Nilisaini kwenye kupokea. Kwenye kuridhika nilipiga mstari, nikaandika 3.

Alifunika simu kwa kiganja. "Sasa daftari la ofisi umeliharibu."

"Ndiyo," nilisema, nikachukua barua yangu, nikarudi kazini, ambako msimamizi mpya alikuwa ananisubiri nimsomee mchoro wa tangi.